Le, guo na zhe: kujaza nafasi katika tafsiri ya Kichina na Kiswahili

Sentensi "Baba yake amelazwa" haimsumbui msomaji yeyote wa Kiswahili. Anayeisikia huelewa kwamba mzee yuko hospitalini hivi sasa, na pengine ataulizia jina la wodi. Sentensi hiyohiyo ikiwekwa mbele ya mwanafunzi wa Kichina, pamoja na nafasi tupu ya kujaza, huzaa majibu matatu. "Tā fùqin zhù yuàn le" hueleza kwamba baba amelazwa: jambo limetokea na hali yake si ile ya jana. "Tā fùqin zhùzhe yuàn" humwonyesha mzee akiwa wodini, kulazwa kwake kukiwa kunaendelea. "Tā fùqin zhùguo yuàn" husema kwamba aliwahi kulazwa na kwamba kulazwa huko kumekwisha. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu barua fupi ya kutafsiri yenye sentensi hii ya tatu, na wengi wao wakaandika "Baba yake amelazwa". Darasani kosa hilo liligharimu alama moja. Katika fomu inayouliza historia ya maradhi ya mtu, lingemlaza kitandani mzee ambaye asubuhi hiyo yuko shambani kwake analima.

Nilipokagua madaftari nilikuta chanzo cha kosa. Karibu kila mmoja alikuwa amejichorea jedwali la safu mbili: "le" mbele ya "-li-", "guo" mbele ya "-me-", "zhe" mbele ya "-na-". Jedwali hilo linavutia kwa sababu lina vijineno vitatu upande mmoja na viambishi vitatu upande wa pili, na akili ya mwanafunzi hupenda hesabu zinazolingana. Kila mstari wake una mifano inayoukubali. Kila mstari vilevile una mifano inayouvunja, na hiyo ndiyo inayotungiwa mitihani.

Ugumu unatokana na kwamba safu hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Kiambishi "-li-" ni cha njeo: huliweka tukio nyuma ya wakati wa kusema. Kichina hakina kiambishi cha kazi hiyo. Tukio huwekwa katika wakati wake kwa maneno kama "zuótiān" (jana) na "míngtiān" (kesho), au kwa muktadha wa habari yenyewe, na kitenzi hubaki vilevile. Vijineno 了, 过 na 着, yaani le, guo na zhe, ni vya hali: huonyesha tukio linatazamwaje, kama limetimia, limepitiwa au limetulia, bila kujali liko jana au kesho.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili aione tofauti hiyo, kwani lugha yake huitenganisha waziwazi kila anapotumia kitenzi kisaidizi "kuwa". Tazama "alikuwa amekaa", "yuko amekaa" na "atakuwa amekaa". Neno la kwanza linabadilika pamoja na wakati. Neno la pili, "amekaa", halibadiliki hata kidogo, kwa sababu lenyewe linabeba hali. Kichina hutafsiri neno la pili tu: "zuòzhe", "zuòzhe", "zuòzhe". Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi kwamba kabla hawajagusa nafasi iliyo wazi wairefushe sentensi ya Kiswahili mpaka "kuwa" itokeze, waikate "kuwa" pamoja na njeo yake, kisha wakiulize kitenzi kilichobaki kinasema nini. Kilichokatwa hakipotei. Kimekwisha kusemwa na neno "jana" lililo mwanzoni mwa aya.

Tulifanye hilo kwa zoezi zima. Aya ifuatayo ni ya kiwango cha mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza. Ina nafasi kumi, na maelekezo yanasema: jaza le, guo au zhe, au uache wazi pasipohitaji neno.

Zuótiān xiàwǔ wǒ qù (1) kàn Wáng lǎoshī. Tā jiā de mén kāi (2), dēng yě liàng (3), kěshì wūli méi yǒu rén. Wǒ jiào (4) liǎng shēng, méi rén huídá (5). Gébì ménkǒu zuò (6) yí ge lǎorén, tā shuō (7): "Wáng lǎoshī gāngcái lái (8), yòu zǒu (9). Nǐ děng yíxià, tā mǎi (10) cài jiù huílai."

Tafsiri yake ya Kiswahili iliyotolewa kando ya zoezi ni hii: Jana alasiri nilikwenda kumtembelea Mwalimu Wang. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, taa nayo ilikuwa inawaka, lakini ndani hamkuwa na mtu. Niliita mara mbili, hakuna aliyejibu. Mlangoni kwa jirani palikuwa pamekaa mzee mmoja, akasema: "Mwalimu Wang alikuja sasa hivi, akaondoka tena. Ngoja kidogo, akishanunua mboga atarudi."

Mwanafunzi mwenye jedwali lake huona "nilikwenda" na kujaza "le" katika nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo inapaswa kubaki wazi. Kwenda hapa ni njia tu ya kufikia kumwona mwalimu. Vitenzi viwili vinafuatana, cha pili kikitaja lengo la cha kwanza, na "le" haiwezi kukaa kati yao na kuwatenga. Lau mwandishi angetaka kulitaja tendo kuwa limetimia, angeiweka baada ya "kàn". Lakini hakulazimika, maana sentensi hii inafungua kisa tu, na uzito wa habari uko mbele.

Nafasi za pili, tatu na sita zote ni za "zhe", na ndizo ninazotaka msomaji azitazame kwa utulivu zaidi, kwa kuwa hapa jedwali linaanguka kwa kishindo. Kitenzi "zuò" maana yake ni kuketi. Katika "zuòzhe" mtu amekwisha kuketi na anadumu katika mkao huo. Kiswahili husema hivyo kwa "-me-": amekaa, amesimama, amelala, ameinama, ameegemea. Vivyo hivyo vitenzi vya kuvaa na kushika: amevaa kofia, amebeba mtoto, ameshika fimbo. Kwa Kichina zote hizo ni "zhe": "dàizhe màozi" amevaa kofia, "bàozhe háizi" amempakata mtoto, "názhe" ameshika. Mwanafunzi anayeandika "anavaa nguo nyekundu" kwa ajili ya "tā chuānzhe hóng yīfu" amemweka mtu yule chumbani, mkono mmoja ndani ya shati. Hilo la mtu aliye katikati ya tendo la kuvaa lina neno lake jingine katika Kichina, "zài", linalotangulia kitenzi: "tā zài chuān yīfu", anavaa nguo. Kwa hiyo mwenza wa "-na-" ya tendo linaloendelea mara nyingi ni "zài", ilhali "zhe" mara nyingi huangukia upande wa "-me-" kwa vitenzi hivi vya mkao na mavazi.

Nimesema mara nyingi, kwa kuwa nafasi ya tatu inatukumbusha tusichore jedwali jipya. "Dēng liàngzhe" ni taa inawaka, kwa "-na-". Kuwaka, katika Kiswahili, ni jambo linaloendelea kufanyika muda wote taa ikiwa na mwanga, ilhali kukaa ni jambo linalofanyika mara moja kisha likaacha hali nyuma yake. Kitenzi cha Kiswahili ndicho kinachoamua kati ya "-na-" na "-me-" kutokana na maana yake ya ndani. "Zhe" haijali uamuzi huo. Yenyewe yatosheka kwamba hali ipo na inadumu. Nafasi ya pili nayo ina njia ya tatu, kwani mfasiri hakutumia "-na-" wala "-me-" bali "wazi": mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuandika "umefunguliwa", na maana isingeharibika sana, ila msomaji angeanza kujiuliza ni nani aliyeufungua. "Mén kāizhe" haimtaji wala haimdokezi mtu huyo.

Nafasi ya sita ina jambo la ziada linalompendeza mwanaisimu wa Kibantu. Kichina kimeweka mahali mwanzoni, kitenzi katikati na mzee mwishoni: mlangoni, kukaa, mzee. Kiswahili kinafanya hivyohivyo na kukipatanisha kitenzi na mahali: "mlangoni pamekaa mzee". Kipatanishi cha "pa-" hakipo katika Kichina, bali mpangilio wa maneno na sababu ya kuutumia ni zilezile. Mzee ni mgeni katika kisa, hajatajwa bado, na lugha zote mbili humleta msomajini kwa kumwonyesha kwanza mahali alipo. Mfasiri anayeandika "mzee mmoja alikuwa amekaa mlangoni" hakukosea sarufi, ila amemtanguliza mzee kana kwamba tulikuwa tukimtarajia.

Kabla hatujaondoka kwa mzee huyu, tumwekee muda. "Mzee amekaa mlangoni kwa muda wa saa tatu." Mwanafunzi aliyeshika somo la hapo juu ataandika "zuòzhe" kwa furaha, na atakosea. Kikitajwa kipimo cha muda baada ya kitenzi, "zhe" huondoka na "le" huingia: "zuòle sān ge xiǎoshí". "Zhe" huonyesha hali kutoka ndani, pasipo kingo. Saa tatu ni kingo. Hivyo "amekaa" moja ya Kiswahili inapokea kijineno tofauti kutegemea kilichoandikwa baada yake. Anayejaza nafasi kwa kuangalia kitenzi peke yake bila kusoma mpaka mwisho wa sentensi ataingia mtegoni kila mara, na watungaji wa mitihani wanalijua hilo.

Kingo hizo ndizo zinazoieleza nafasi ya nne. "Jiàole liǎng shēng", niliita mara mbili: mara mbili zimehesabiwa, mwito umeanza na umekoma, na "le" huutazama wote kwa pamoja kama kitu kizima. Hapa "le" imekutana na "-li-" kwa bahati. Bahati hiyo ndiyo iliyoujenga ule mstari wa kwanza wa jedwali, kwa kuwa matukio mengi tunayoyasimulia yakiwa mazima ni yale yaliyokwisha kupita. Lakini jaribu "Jana nilikuwa na shughuli nyingi". Kiswahili kinataka "-li-" hapo, hakuna njia ya kuikwepa. Kichina husema "zuótiān wǒ hěn máng", bila "le", maana kuwa na shughuli ni hali isiyo na mwanzo wala mwisho unaotajwa. Jaribu tena "Nilipokuwa mdogo nilipenda kula samaki": "wǒ xiǎo de shíhou xǐhuan chī yú". Hizo ni "-li-" mbili katika sentensi moja fupi, na hakuna "le" hata moja.

Upande wa pili wa jambo hilohilo uko katika nafasi ya kumi. "Tā mǎile cài jiù huílai" ina "le" ndani yake, na ununuzi wa mboga haujakamilika. Huenda mwalimu yuko njiani kuelekea sokoni. Kinachosemwa ni kwamba kununua kutatimia kwanza, ndipo kurudi kufuate. Kiswahili kina kifaa hasa cha kazi hii: "akishanunua". Katika umbo hilo "-ki-" inaweka sharti la wakati, na "-sha-", iliyotokana na kitenzi "kwisha", inasema tendo lifike mwisho wake. "Le" nayo ilitokana na kitenzi "liǎo" chenye maana ya kumaliza. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua kitenzi cha kumaliza na kukichakaza mpaka kikawa kijisilabi cha hali. Mwalimu anayetaka kumng'olea mwanafunzi wazo la kwamba "le" ni wakati uliopita aanze na sentensi za "-kisha-" za kesho: "Míngtiān wǒ xiàle kè jiù qù zhǎo nǐ", kesho nikishamaliza kipindi nitakufuata. Nimeona wanafunzi wakishtuka kwa sentensi hiyo moja kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Nafasi ya tano ni wazi, na kanuni yake ni fupi: tukio likikanushwa kwa "méi", "le" ya kitenzi haikai, kwani tukio ambalo halikutokea haliwezi kutimia. Hapa Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi, maana nacho hukataa kuibakiza "-me-" katika ukanushi: tunasema "amejibu" lakini "hajajibu". Angalizo ni moja tu. "Guo" haifukuzwi na "méi". "Wǒ méi qùguo" ni sentensi safi, sijawahi kwenda.

Nafasi ya saba ni wazi pia, na Waswahili tunaikosea kwa sababu ya utamu wa "-ka-". Mfasiri ameandika "akasema", na kila "-ka-" ya masimulizi humfanya mwanafunzi aone tukio lililotimia, hivyo adondoshe "le". Katika visa virefu hufika mahali kila kitenzi kina "le" yake, na Mchina anayesoma huhisi kama anagongewa mlango sentensi baada ya sentensi. Mfululizo wa matendo katika Kichina huenda kwa vitenzi vitupu, na "le" mara nyingi huwekewa tendo lenye uzito au lile la mwisho. "Shuō" inayofuatwa na maneno yaliyonukuliwa haiihitaji kabisa, kwa kuwa kinachosubiriwa ni maneno yenyewe.

Zimebaki ya nane na ya tisa, nami sina budi kukiri kosa langu. Nilipotunga aya hii mara ya kwanza, kielelezo changu cha majibu kilikuwa na "guo" kwa nafasi ya nane na "le" kwa ya tisa, na aliyejaza "le" katika zote mbili alikatwa alama. Hoja yangu ilikuwa tofauti ambayo kila kitabu huifundisha. "Tā lái le" humaanisha amekuja, na yupo. "Tā láiguo" humaanisha alikuja, na matokeo ya kuja kwake hayapo tena, ukimtafuta humwoni. Ni tofauti ileile kati ya "mguu wake umevunjika" na "mguu wake uliwahi kuvunjika": wa kwanza ana plasta, wa pili huenda anacheza mpira. Kwa kuwa mwalimu hakuwapo nyumbani, niliona "guo" kuwa jibu pekee.

Mwanafunzi mmoja alikuja na karatasi yake kulalamika. Alisema kwa adabu kwamba tafsiri iliyotolewa kando ilisema "alikuja, akaondoka tena", na kwamba kuondoka kumekwisha kutajwa kwa "yòu zǒu le", basi kwa nini kuja kusimuliwe kama tukio la kwanza kati ya mawili, kwa "le"? Nilimwonyesha sentensi hiyo mwenzangu ambaye Kichina ndiyo lugha yake ya nyumbani. Alizisoma zote mbili kwa sauti, akasema zote zinasemeka, ile ya "guo" inaegemea zaidi jibu la swali "je, alifika hapa?", na ile ya "le" inasimulia tu kilichofuatana na kingine. Nilirudisha alama za darasa zima.

Kosa halikuwa katika maelezo ya "guo", ambayo ni sahihi. Lilikuwa katika muktadha. Maneno "yòu zǒu le" yanaifanya kazi ambayo "guo" ingeifanya peke yake, kwa hiyo yanaufungua mlango kwa "le". Toleo ninalolitumia sasa linaishia "Wáng lǎoshī gāngcái lái (8)" na kuendelea moja kwa moja na "Nǐ děng yíxià". Nyumba ni tupu, mwalimu haonekani, na mzee anasema alifika muda mfupi uliopita. Mwanafunzi akijaza "le" hapo atakuwa amesema mwalimu yupo, na aya nzima itampinga. Kipimo ninachopendekeza kwa kila mtungaji wa mazoezi ya namna hii ni kuingiza kila kijineno katika kila nafasi, kimoja baada ya kingine, na kuuliza kama kuna neno linaloonekana kwenye karatasi linalokikataa. Neno hilo likiwa kichwani mwa mtungaji tu, nafasi hiyo haifai kutahiniwa kwa jibu moja.

"Guo" ina pembe moja zaidi inayomkwamisha mfasiri. Katika "Nǐ chīguo yú ma?" tunauliza "Umewahi kula samaki?", na jibu linaweza kugusa maisha yote ya mtu. Katika "Nǐ chīguo fàn le ma?" hakuna anayeuliza kama umewahi kula chakula tangu uzaliwe. Swali ni "Umeshakula?", yaani mlo wa leo umeumaliza? "Guo" hii inasema tendo linalotarajiwa limepitiwa hadi mwisho, na ni jamaa wa karibu wa "-sha-" kuliko wa "wahi". Namna ya kuzitambua ni kujaribu kuweka "wahi" katika Kiswahili. Sentensi ikigeuka kichekesho, weka "-sha-". Jaribio hilo vilevile linatuambia kwa nini "amekwenda China" haitoshi kuwa tafsiri ya "tā qùguo Zhōngguó". Aliyekwenda China bado yuko huko au yuko njiani, na hiyo ni "qù le". Aliyewahi kwenda anaweza kuwa ndiye anayekusimulia.

Nimekuwa nikisema "le ya kitenzi" kwa sababu ipo nyingine inayokaa mwishoni mwa sentensi nzima, nayo hutangaza kwamba mambo sasa yamekuwa tofauti. "Wǒ bù chī le" hutafsiriwa "sili tena" au "basi, nimetosheka", kwa kadiri ya mahali. Neno "bù" halikatai ujirani wa "le" hii, kwa hiyo kanuni ya "méi" tuliyoiona haihusiki nayo. Kiswahili hakina kiambishi chake. Huibeba kwa "sasa", "tena" au "basi", na mfasiri anayetafuta kiambishi atazunguka bure. Faida yake huonekana pale "le" mbili zinapokutana. "Wǒ xuéle sān nián Hànyǔ" ni kwamba nilisoma Kichina kwa miaka mitatu, na kisa kinaweza kuwa cha zamani. Ongeza "le" moja mwishoni, "wǒ xuéle sān nián Hànyǔ le", na hesabu inafikishwa mpaka leo: nina miaka mitatu sasa tangu nianze kusoma Kichina, na kwa kawaida anayesema hivyo bado anaendelea. Mwanafunzi anayeiandika barua ya maombi kwa sentensi ya kwanza akikusudia ya pili atakuwa amemwambia msomaji kwamba masomo yake yaliishia miaka mitatu.

Matumizi ya mwisho ya "zhe" yanayostahili nafasi katika zoezi ni yale ya vitenzi viwili, kimoja kikieleza namna ya kingine. "Tā xiàozhe shuō" ni alisema akicheka, na "tā zhànzhe chī fàn" ni anakula akiwa amesimama, au anakula huku amesimama. Hapa "zhe" imeangukia "-ki-" katika mfano wa kwanza, na imerudi kwa "-me-" katika wa pili, kwa sababu ileile ya mikao. Utaratibu wa kurefusha sentensi kwa "kuwa" bado unafanya kazi: "akiwa amesimama" inatoa "kuwa" yenye "-ki-", tunaikata, linabaki "amesimama", nalo tunalijua.

Kwa wanaotunga au kufanya mazoezi yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina badala ya pinyin, lipo onyo dogo. Herufi 着 husomwa "zhe" inapokuwa kijineno cha hali, na husomwa "zháo" katika "shuìzháo". "Tā shuìzhe" ni amelala, yupo usingizini. "Tā shuìzháo le" ni kwamba usingizi umempata, na mara nyingi anayesema hivyo alikuwa akiungojea umpate, kama mama anayembembeleza mtoto. Nafasi tupu ikifuatwa na "le" baada ya "shuì", jibu ni 着 hiyo ya pili, na mwanafunzi aliyekariri kwamba "zhe" na "le" hazikai pamoja ataiona herufi sahihi na kuikataa.